Kijiji cha Kilele cha Nane

Baba yangu alikuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya hapa Sumbawanga, Mnyakyusa wa Kimoravian aliyehamishiwa Ufipa na akaamua kuwa baridi ya huku ni adhabu, ila ina mshahara. Waganga aliwadharau kabisa. Mtu aliyepigiwa ramli alikuwa, kwake, mshamba wa kuhurumiwa. Yeye alikuwa na hesabu.

Hesabu hizo zilikuwa ndani ya kitabu chakavu cha Kiingereza alichokinunua kwa mfanyabiashara wa mitumba pale Majengo. Alikinunua mwaka ule dada yangu aliporudi nyumbani na watoto wawili na sanduku moja, mumewe akiwa ameondoka bila kuaga. Shemeji huyo alikuwa amechunguzwa kila upande: ukoo, dini, kazi, hata meno. Baba alikuwa ameridhika. Basi alipodanganywa na macho yake mwenyewe, akahamia kwenye tarakimu, ambazo hazina uso wa kukuchekea.

Kitabu kilisema maisha ya binadamu yana vipindi vinne, na kila kipindi kina kilele chake na changamoto yake, vyote vikitoka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kila namba unaijumlisha mpaka ibaki tarakimu moja. Kilele cha kwanza ni mwezi kujumlisha siku. Cha pili ni siku kujumlisha mwaka. Cha tatu ni vilele viwili vya kwanza vikiwekwa pamoja, na cha nne ni mwezi na mwaka. Changamoto hupatikana kwa njia hiyohiyo, ila badala ya kujumlisha unatoa, ndogo kwenye kubwa. Ili kujua kipindi cha kwanza kinaisha lini, unajumlisha tarehe nzima upate namba ya maisha, kisha unaitoa kwenye thelathini na sita. Vipindi viwili vya katikati ni miaka tisa tisa. Cha nne hakina mwisho, yaani mwisho wake unaujua mwenyewe.

Yeye alizaliwa tarehe mosi Januari 1933. Mwaka huo ukiujumlisha unapata kumi na sita, yaani saba. Ongeza Januari, kilele cha nne ni nane, namba ya mali na madaraka. Namba yake ya maisha ilikuwa tisa, kwa hiyo kipindi cha kwanza kiliisha akiwa na miaka ishirini na saba, na hicho cha nane kingeanza baada ya arobaini na tano. Alikuwa na arobaini na tano. Alikuwa amekwishakataa uhamisho wenye cheo, kwa kuwa cheo kingekuja chenyewe mwakani, na si adabu kukiwahi njiani. Changamoto yake, saba toa moja, ilikuwa sita: mtu anayependa kupangia wenzake nyumba zao. Ukurasa huo nadhani aliuruka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mpui, na huko nikapata mchumba, mkulima Mkatoliki. Mshenga alipofika nyumbani, baba hakuuliza ukoo wala dini. Aliuliza tarehe. Mshenga akasema ni tarehe mosi Julai 1950. Baba akachukua penseli kwa furaha ya mtu aliyepewa pilau.

Julai ni saba, ongeza moja, nane; toa moja, changamoto sita. "Ana nane!" alisema. "Mali na madaraka!" Sijui mtu angepataje mali katika kijiji cha ujamaa ambako hata jembe lilikuwa na kamati. Mwaka 1950 ni kumi na tano, yaani sita. Siku na mwaka: saba. Hapo uso ukaanza kuingia mawingu. Sita toa moja: tano. Akajumlisha tarehe nzima akapata kumi na nne, yaani tano. Thelathini na sita toa tano, thelathini na moja.

"Akifika thelathini na moja anaingia kilele cha saba," alisema. "Saba ni upweke. Mtu anajitenga. Na changamoto yake ni tano: miguu haitulii. Mtu wa upweke asiyetulia anakwenda wapi, mwanangu? Anaondoka." Mchumba wangu alikuwa na miaka ishirini na nane. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu ya ndoa ambayo haijafungwa.

Nililia. Nilimwambia kuwa ni upuuzi, naye akanijibu kwa upole ulionikera kuliko kofi kwamba hesabu haina upendeleo. Kisha, ili kuhakikisha, akamwagiza mshenga alete tarehe ya kaka wa bwana harusi. Ikaja: mosi Julai 1946. Nane tena, na changamoto sita tena. Mtu mwingine angejiuliza swali hapo. Baba alishangilia: "Unaona? Ni damu. Nyumba nzima ya nane!"

Siku ya jibu wakaja wenyewe: mama mkwe mtarajiwa, mjane aliyefunga kitenge juu ya sweta mbili, na mwanawe. Walileta kuku wawili na chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi ambayo Mmoravian wetu aliitazama kama inaweza kumrukia. Kijana akasema shikamoo, akaketi. Baba akamwamkia mama, kisha akafungua kitabu na kumweleza yule mzazi wa Kifipa vilele vinne na changamoto nne za mwanawe. Mama alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Baba," akasema, "hiyo mosi Julai si ya mwanangu."

"Ni ya nani?"

"Ya kijiji. Tulipohamishwa, alikuja kijana wa ofisi yenu kutuandika. Tukamwambia tarehe za ubatizo, akakataa, akasema maji ni ya kanisa, serikali inataka kuzaliwa. Tukasema hatujui. Akaandika wote mosi Julai. Jirani yangu, shemeji zangu, mimi mwenyewe. Akasema mkuu wake amemwagiza, wasiojua wote waandikiwe hivyo, kazi iende haraka."

Mkuu wake alikuwa ameshika penseli.

Kijiji kizima kilikuwa kimepewa kilele cha nane na changamoto ya sita kwa agizo la ofisi, na hata hatima ilikuwa imeingizwa kwenye ujamaa. Baba naye alikuwa mtu wa mosi Januari, aliyeandikiwa tarehe hiyo na mwalimu wa misheni siku ya kwanza ya shule, lakini hakuna aliyekuwa mkorofi kiasi cha kumuuliza. Hata mimi niliona huruma, na nilikuwa na hasira.

"Basi alizaliwa lini?" akauliza.

"Mvua zikinyesha. Tulikuwa tunalima matuta, tunafukia majani."

"Siku gani?"

"Siku niliyoumwa, baba."

Alijaribu. Naapa alijaribu; aliandika mwezi wa pili, akaufuta, akaandika wa tatu. Kisha akaiweka penseli chini, na sauti yake ikatoka nyembamba, ambayo sikuwahi kuisikia hata siku dada aliporudi.

"Sasa nani ataniambia kama huyu atakaa na mwanangu?"

"Baba," nikasema, "yupo hapo. Tangu aingie hujamsemesha."

Alimgeukia. Alimtazama kwa muda mrefu yule mtu mzima aliyekaa kwenye kiti chetu na mikono yake mapajani, akisubiri, kama vile ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Eti, kijana," baba akasema, "jina lako nani?"