Mkono wa Lambert Majini

Jamani, Sandrine alikuwa ameuchora mkono wa kaka yake ukizama kwa picha sita tu! Kwenye tableti yake kila sekunde inakula picha kumi na mbili, kwa hiyo Lambert alizama katika nusu sekunde. Ndivyo walivyoambiwa: mashua ilipinduka mtoni, chini ya mji wa Isangi, Lambert akafa palepale, hakuteseka. Aliyewaambia ni tonton Yakubu, kama mjomba kwao, nahodha mwenyewe wa mashua hiyo, na mama yao alijifariji kwa neno hilo mwaka mzima.

Filamu hiyo ya katuni iliagizwa na chama cha wasafiri wa mto, ili watu wakubali kuvaa jile, zile fulana za kuelea. Sandrine alimwita tonton Yakubu aje akague mashua kama imechorwa sawasawa. Mzee akatazama, mkono ukazama, naye akaropoka:

"Hapana, mutoto yangu. Iko mbio sana."

Masikini, neno lilishamtoka.

"Mbio namna gani, tonton? Si ulisema palepale?"

Yakubu akaangalia sakafu. "Mukono ilirudi juu. Ikarudi tena."

Sandrine alitamani kumfukuza. Badala yake akamwambia agonge meza kila mkono unaporudi juu, na muda upite kama ulivyopita. Mzee akagonga. Kati ya pigo moja na jingine palikuwa na kimya kirefu cha kuchukiza, na kidole kiliendelea kugonga hata Sandrine akaziba masikio.

Kwanza alijaribu ujanja: kila picha ikae muda mrefu zaidi. Mkono ukarukaruka kama wa mwanasesere. Ikabidi achore picha za katikati. Akawasha ngozi ya kitunguu, ile inayoonyesha picha iliyotangulia kwa wekundu hafifu na inayofuata kwa kijani, akachora mkono mwingine kati ya mikono hiyo miwili. Mkono wa Lambert ulipochoka alizisogeza picha karibu karibu, maana ndivyo mwendo unavyopungua. Alilia akichora, akafuta kioo kwa kitenge, akaendelea.

Angeweza kurudisha zile sita, mama abaki na amani yake. Lakini nani atavaa jile kwa kifo cha nusu sekunde? Akaziacha picha mpya zote.

Jumapili filamu ilionyeshwa kwenye shuka jeupe katika ukumbi wa parokia. Mama alikaa mbele, Yakubu nyuma yake. Mkono ukatoka majini, ukazama, ukatoka. Watu wakaacha kunong'ona. Ukatoka tena.

Taa zilipowaka mama hakuwa akilia. Aligeuka kwenye kiti.

"Yakubu," alisema, "wakati huo wote, weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na bidon, ile dumu tupu ya mafuta, mama," Yakubu alisema. "Niliikumbatia. Niliogopa kuiachilia nimufuate."