Namba Moja ya Daktari Abuko

Everline, mkunga wa Mundika, alikuwa amemaliza tasnifu yake ya malaria kwa wajawazito, chuo kikaamuru marejeleo yatoke mtindo wa APA, wa alfabeti, yawe Vancouver, wa namba. Akaketi kwenye kompyuta ya saiba mjini Busia, akaanza kunyoa. Koma baada ya jina la ukoo, nje. Nukta za herufi za kwanza, nje. Mwaka ukatolewa kwenye mabano, ukahamishiwa nyuma ya jina la jarida. "Abuko, B. W., & Otwane, P. (2016)" ikawa "Abuko BW, Otwane P", na mwishoni "2016;4(2):11-9".

Daktari Abuko, msimamizi wake, alipoona orodha alivimba.

"Dada, kwa alfabeti mimi ni wa kwanza kila mahali! Leo niko ishirini na tatu?"

"Daktari, hapa alfabeti haina kazi. Anayetajwa kwanza kwenye maandishi ndiye namba moja."

"Basi nitaje kwanza."

Maisha yake yote Abuko aliandika makala moja tu, ya chawa wa kuku. Everline alihitaji sahihi yake, akafungua tasnifu ya malaria hivi: "Kuku wa Busibwabo wana chawa (1)." Wale ishirini na wawili waliokuwa mbele yake akawasogeza nyuma, mmoja mmoja, akimlaani kimoyomoyo.

Siku ya utetezi, watahini hawakugusa malaria. Waliuliza kuhusu kuku, asubuhi nzima. Everline akamgeukia msimamizi wake amwokoe.

Abuko akavua miwani.

"Hata mimi nimeshangaa," akasema. "Nani alikushauri uanze na kuku?"