Salamu Zilizosimamishwa

Mimi mtu akiniambia "nimeshasimamisha zote", namuuliza zote zipi. Ni tabia yangu, na mama yangu anasema ndiyo iliyonichelewesha kuolewa. Lakini kwa kazi ninayofanya, tabia hiyo imenifaa kuliko cheti changu.

Kazi yenyewe ni ya matangazo. Nipo kwenye duka la vitu vya harusi Chake Chake, duka la Bi Mkubwa mmoja ambaye nusu ya mabibi harusi wa kisiwa wamepita mikononi mwake. Yeye anauza, mimi naweka picha kwenye kurasa za mtandaoni, naandika maneno, na kuyapanga yatoke siku na saa tunayotaka hata kama sote tumelala. Watu wanadhani tuko macho wakati wote. Kumbe ni mashine.

Duka letu lina desturi moja ambayo maduka mengine hayana. Bwana harusi akija kufungasha begi la mwenzake, lile begi la kanga, madira, mafuta, udi na manukato, tunamwomba aandike maneno machache ya kumwambia bibi harusi. Tunayaingiza kwenye mtambo wa meseji, ule ule unaopeleka ofa kwa wateja, pamoja na namba ya bibi harusi, tunayapangia siku, na siku hiyo msichana anapata salamu kabla begi halijafika. Bi Mkubwa ndiye aliyeibuni. Nywila ya mtambo huo anayo yeye peke yake, na jambo hilo halijawahi kunipendeza.

Ilikuwa Shaaban, harusi zimesongamana kabla ya mfungo, na matangazo yetu yamepangwa mpaka mwisho wa mwezi. Ndipo boti ikazama.

Sitaieleza ajali. Waliokuwa Pemba wakati ule hawana haja ya kuelezwa. Redio iliacha nyimbo ikaweka Kurani, bendera zikashushwa nusu mlingoti, tukatangaziwa siku za maombolezo ya taifa. Pale dukani tulikuwa tunasikiliza majina. Likatajwa jina la kijana mmoja, mwalimu wa skuli kule kusini, na Bi Mkubwa akaketi juu ya katoni ya sahani.

Alikuwa mteja wetu. Alikuja juma moja nyuma, akazungusha chupa za manukato hadi nikakasirika, ananusa hii, anarudia ile. Begi lake lilikuwa limefungwa, limelipiwa, liko chumba cha nyuma. Mchumba wake alikuwa msichana wa Mtambile. Na mimi nilijua kwamba mahali fulani ndani ya mtambo wa Bi Mkubwa kuna salamu za marehemu zinazongoja siku yake.

"Bi Mkubwa," nikamwambia, "lazima tusimamishe kila kitu."

"N'shasimamisha zote," akasema bila kuniangalia.

Zote zipi? Nikaanza na zangu. Nilizuia picha zilizopangwa, moja baada ya moja, kwa sababu ukurasa wetu hauna kitufe cha kuzuia zote kwa mpigo. Kisha yale matangazo ya kulipia, ambayo watu wengi huyasahau: ukizuia picha zilizopangwa, tangazo ulilolilipia linaendelea kuzunguka kivyake, linawatokea watu katikati ya taarifa za msiba. Hilo nalo nikalisimamisha. Halafu nikachukua simu ya dada yangu, nikauandikia ukurasa wetu "Asalaam aleykum", kama mteja yeyote. Papo hapo likaja jibu lenye maua na mioyo: "Karibu sana! Msimu wa furaha umefika, njoo tukupambe!"

Bi Mkubwa ndiye aliyeliweka jibu lile, na ndiye aliyeniambia kasimamisha zote. Nikalizima mwenyewe. Tangu hapo sikuamini neno lake hata moja.

Jioni akanipa karatasi. Kaandika maneno ya rambirambi anayotaka yatoke. Yalianza vizuri, tunaungana na Watanzania wenzetu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mstari wa mwisho ukasema: "Kwa mahitaji ya hitima, masinia na sufuria kubwa zinapatikana."

"Bi Mkubwa, hili ni tangazo la biashara."

"Watu hawatakula hitima? Watapikia viganja?"

"Watapikia sufuria. Lakini wazitafute wao, tusiwafuate sisi."

Alinuna. Mimi nikanuna zaidi. Nikakata mstari wa masinia, nikaondoa namba ya simu ya duka, nikaondoa na picha ya bibi harusi anayecheka ambayo huwa inakaa juu ya ukurasa. Yakabaki maneno mawili matatu meupe kwenye giza. Akasoma, akasonya, akasema ni sawa. Wepesi ule ulinitia wasiwasi. Mtu anayekubali haraka hivyo ana lake jingine.

Na alikuwa nalo, niliona kwa macho yangu. Siku zile za maombolezo kila nikiingia ofisini kwake anaigeuza kompyuta ukutani. Nikimuuliza habari za meseji anasema zimelala. Nikimwambia anionyeshe anasema nisubiri. Kichwani mwangu nikampangia kila dhambi. Nikasema huyu anatuma ofa kwa wateja kisirisiri ili aonekane mwema kwenye ukurasa huku anauza kwenye simu za watu. Nikasema labda anatafuta mnunuzi wa lile begi. Nikaenda chumba cha nyuma kuhakikisha kwamba begi lipo. Lipo, lakini limehamishwa kutoka pale nilipoliacha, limefunikwa kanga. Nani kalihamisha? Hakuna mwenye ufunguo ila mimi na yeye.

Kilichoniuma hasa ni yule msichana. Hawakuwa wamefunga ndoa. Maana yake hana eda, hakai ndani, hakuna anayekwenda kumpa pole kama mjane. Mchumba wa marehemu ni nani? Kwa hesabu za watu si mtu. Anapika kwa mama yake, anateka maji, na simu yake iko karibu naye. Salamu zile zikimfikia, zitamkuta peke yake.

Basi siku ya mwisho ya maombolezo nikaingia bila kugonga.

"Bi Mkubwa, leo nataka kuona."

Alikuwa anafuta macho na pembe ya mtandio. Hakuigeuza kompyuta. Nikasogea nikaona ukurasa wa meseji, na juu yake kwa maandishi mekundu: zimesimamishwa. Kasema kweli, bibi wa watu. Chini yake kulikuwa na ujumbe mmoja ulio wazi.

"Begi lako lishafungwa. Nilichokitia mwisho usikifungue mpaka nifike."

Nikavuta kiti, nikausoma mara mbili.

"Nausoma kila siku," akasema. "Sijui niufanye nini."

"Tuufute."

"Sifuti mie. Maneno ya mtu hayo, kanikabidhi mkononi. Amana. Weye ungefuta?"

"Basi unataka ufanyeje?"

"N'shausimamisha. Na ukae papo hapo, usende, usifutwe."

Ndipo nikaelewa hatari ilikuwa wapi. Haikuwa kwenye tamaa yake hata kidogo. Nikamkumbusha habari ya Idi, mwaka ule tuliposimamisha meseji kwa sababu watu wanabishana kama mwezi umeandama. Tulipozifungua, tangazo la bakuli za futari likawafikia wateja asubuhi wanavaa kwenda kuswali Idi. Mtambo ule haujui kwamba siku imepita. Ukiufungua, kilichochelewa ndicho unachokitoa mwanzo.

"Kesho maombolezo yamekwisha," nikamwambia. "Utafungua meseji ili za wengine ziende. Hii ya Mtambile itatoka kabla ya zote."

Aliuondoa mkono wake kwenye kompyuta kama ameugusa moto. "Mie nilijua ikisimama imesimama," akasema.

Ujumbe ule tukautoa kwenye foleni. Kabla ya kuutoa, Bi Mkubwa aliunakili kwa mkono wake, herufi kwa herufi, kwenye kadi nyeupe ya duka iliyokatwa jina letu kwa mkasi. Kumbe katika siku zile zote alikwishakwenda kwa mama wa marehemu kumuuliza la kufanya na begi, maana sasa ni mali ya warithi. Yule mama alimjibu: "Kanunuliwa yeye. Mpelekeeni mwenyewe." Kwa hiyo Bi Mkubwa alilitoa sakafuni lisiliwe na unyevu, akalifunika kanga yake. Hakuniambia kwa sababu, alisema, mimi nina uso wa askari.

Zile meseji nyingine hatukuzifungua hivi hivi. Tulisoma kila moja. Iliyosema "shangwe" tukaandika "kheri". Iliyowaambia wateja wa ng'ambo "wahi, boti zinajaa" tukaifuta wote wawili bila mjadala. Bwana harusi mmoja tulimpigia kumuuliza kama harusi yake bado ipo. Akashukuru, akasema imesogezwa mbele.

Tukaenda Mtambile na begi. Hata njiani sikuacha kumchunguza Bi Mkubwa: kabeba simu, je, atapiga picha? Ataliweka duka letu kwenye mtandao, wema wetu uonekane? Tulipofika alinipa simu yake niishike, imezimwa.

Msichana alitutandikia mkeka barazani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, mikono ina unga wa muhogo. Mama yake alikaa karibu naye, akitutazama kwa jicho nililolijua, jicho langu mwenyewe. Bi Mkubwa hakutoa maneno mengi. Alisema hili ni lako, mwenyewe kaacha na salamu, na ukitaka tuondoke nazo tutaondoka nazo. Akaweka kadi juu ya begi.

Msichana alisoma. Akasoma tena. Mama yake akanong'ona, "Lifungue basi mwanangu, uone alichokutilia."

"Alinusa chupa zote za duka," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nilitaka ajue.

Akatabasamu kidogo, mara akalia, na mama yake akamshika. Tangu siku ya msiba, mama alitwambia baadaye, hakuwa amelia mbele ya mtu, kwa sababu hakuna aliyekuja kumpa mkono.

Alipotulia alijifuta unga na machozi kwa kanga, akalivuta begi hadi ukutani, akalisimamisha wima vizuri, zipu imefungwa. Kadi akaitia kifuani.

"Kasema mpaka afike," akasema, akaingia ndani kututengenezea chai.