Historia ya Marehemu Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kiwanda chetu cha kahawa alipokufa, nilifurahi. Wacha niseme hivyo mapema, tusidanganyane.

Hapa kwetu karibu na Nkubu, mtu akifariki naitwa mimi kuandika historia yake, ile inayochapishwa kwenye kijitabu cha mazishi na kusomwa na mtoto wa marehemu kabla ya mahubiri. Naandika kwa sababu ni mwalimu, na kwa sababu nauliza maswali bila aibu. Jambo zito siliandiki mpaka watu wawili wasiokula chungu kimoja waniambie lilelile. Kisha kamati ya familia hulisoma na kulipitisha.

Kifungua mimba wa mwenyekiti alikuja kutoka Nairobi amevaa suti. "Mwalimu, usisahau ile ya mwizi wa kahawa," akaniambia. "Yule mama ambaye mzee alimkamata kiwandani. Watu wakumbuke vile mzee alitetea wakulima."

Yule mama ni mama yangu.

Alikuwa kibarua wa kuanika kahawa. Mwenyekiti alimsimamisha mbele ya mkutano wa wakulima wote, akamwaga kiondo chake chini, akamwita mwizi. Ndani mlikuwa na viazi vikuu na leso. Hata hivyo alifukuzwa, na tangu siku hiyo kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Huyu kijana alikuwa shule ya bweni wakati huo, hajui lolote. Nilimtazama, nikasema, "Sitasahau. Nitaiandika yote."

Usiku huo niliandika kwa hasira, wee! Pombe yake niliiweka. Wanawake wake niliwaweka. Ugonjwa aliouficha niliuweka. Nilisoma nikicheka peke yangu.

Asubuhi nikapanda gari hadi Runyenjes, kwa karani mstaafu aliyekuwa akipima kahawa kiwandani. Mzee hakuzunguka. "Mama yako hakuiba hata punje," alisema. "Magunia ya kahawa yaliyopotea yalibebwa na pikapu ya mwenyekiti. Mimi ndiye niliyeambiwa ninyamaze, nikanyamaza." Nilimuuliza kama naweza kumtaja. Akasema nimtaje, hana tena wa kumwogopa.

Huyo alikuwa mmoja. Wa pili nilimtafuta mahali pagumu, kwa mjane mwenyewe.

Nilimkuta jikoni akichambua maharagwe ya waombolezaji. Nikampa pole, nikampa na karatasi yangu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwa wale wanawake, kidole kilisimama.

"Hii ya pombe na hawa wanawake ni aibu yangu, mwalimu," alisema. "Mimi sijakukosea."

Alikuwa amesema kweli, na nilichukia kwamba alikuwa amesema kweli. Nikachukua kalamu nikakata pombe, nikakata wanawake, nikakata ugonjwa.

"Na ya magunia, mama?"

Alichambua maharagwe kwa muda. "Yalilala chini ya kitanda changu. Mimi nililala juu yake nikijua." Akajifuta mikono. "La kuvunda halina ubani. Hilo liache lisomwe. Mama yako alifukuzwa mbele ya watu."

Kwenye kamati kijana aliruka juu. Ati nimeleta uchawi! Ati baba yake atazikwa kama mhalifu! Nikamwambia, "Ni wewe uliyetaka hadithi ya mwizi. Hii hapa, pamoja na mashahidi. Kama hutaki, tafuta mwandishi mwingine." Mama yake akamgeukia: "Utaisoma jinsi ilivyo. Ama siku ya mazishi usikae karibu na mimi."

Sikuandika uongo mahali pengine. Nilisema alijenga darasa la shule yetu, maana alilijenga. Nilisema alipenda wajukuu, maana hata mimi niliona. Halafu nikaweka ile sentensi, fupi, bila tusi.

Siku ya mazishi nilimleta mama yangu mapema, nikamketisha katikati ya hema. Alinung'unika anataka nyuma. Nikamwambia, leo hapana.

Kijana alisoma kwa sauti nzuri: kuzaliwa, shule, ndoa, darasa, wajukuu. Kisha sauti ikashuka, akaanza kukimbiza maneno: "Akiwa mwenyekiti alimshtaki mfanyakazi wa kiwanda kwa wizi. Mama huyo hakuiba. Kahawa ilichukuliwa na marehemu mwenyewe, na familia inaomba msamaha." Akataja jina la mama yangu.

Mchungaji aliangalia viatu vyake. Mimi sikuona haya hata kidogo.

Mama yangu akainuka akishikilia bega langu. Nilidhani anataka kutoka. Badala yake alipaza sauti kwa Kimeru, mpaka kule walikosimama watu wa mwisho:

"Mwambieni arudie, tena polepole. Wa nyuma hawajasikia."

Mjane akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa kukubali. Kijana akarudia.