Sentensi Aliyoitoa Paskalina

Makampuni mengi hapa Makambako hayamjibu mwombaji kazi. Unapeleka vyeti, unafanyiwa usaili, unarudi nyumbani, basi, umesahaulika. Paskalina hakuwa hivyo, na ndiyo maana nilimpenda, ingawa mimi si mtu wa kupenda watu wa ofisini ovyo.

Yeye ni afisa ajira wa kiwanda chetu cha kufungasha parachichi, mimi nipo mapokezi, meza zetu zinatazamana. Amekulia jirani na misheni huko Njombe, kwa wazazi wakulima. Baada ya chuo alisubiri kazi miaka miwili bila hata barua ya kukataliwa. Akaapa kwamba akipata kazi ya kuajiri, hatamwacha mtu gizani.

Mwaka huu tulitafuta afisa ubora mmoja. Waliofika usaili wa mwisho walikuwa sita, na akawaahidi jibu kabla ya mwezi kuisha. Wiki ya mwisho ya mwezi ikafika. Chumba kipya cha baridi kilikuwa hakijakaguliwa, na bila chumba hicho nafasi yenyewe ilikuwa haina kazi ya kufanya.

Akaandika ujumbe wa kutuma kwa simu za wote sita. Alinisomea, kama kawaida yake:

“Habari. Tunakushukuru kwa kuja kwenye usaili. Uamuzi tuliosema tutautoa wiki hii umesogezwa hadi tarehe 30 mwezi ujao, kwa sababu ukaguzi wa chumba cha baridi haujakamilika. Bado uko kwenye orodha yetu, na tunathamini sana nia yako ya kufanya kazi nasi. Ukipata kazi nyingine kwa sasa, una uhuru wa kuichukua; tunaomba tu utujulishe. Ukiwa na swali, piga namba hii.”

Nikamwambia ujumbe umetulia. Akaupeleka kwa meneja, Bwana Hilari.

“Hii ya kazi nyingine toa,” meneja alisema. “Unawafungulia mlango wewe mwenyewe? Wazuri wote wataondoka.”

“Lakini bosi, nafasi yenyewe bado haina uhakika.”

“Hilo umeandika? Hujaandika. Basi toa na hiyo ya kazi nyingine.”

Akaitoa, akatuma. Siku ile hakula chakula cha mchana.

Siku mbili baadaye simu yake ikalia. Alikuwa Kefa, kijana wa Njombe vijijini, aliyefanya usaili vizuri kuliko wenzake. Paskalina aliweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafaili, kwa hiyo nilisikia yote.

“Kamwene, dada. Kiwanda cha unga kule Ludewa kimenipa mkataba wa mwaka. Wanataka jibu Ijumaa. Ila nikiwa Makambako nitaweza kumwona mama kila wiki, miguu yake haimbebi tena. Nisubiri?”

Paskalina alinitazama. Nami nikatupa jicho kwa meneja. Mlango wake ulikuwa wazi.

“Mdogo wangu,” alisema, “bado uko kwenye orodha.”

“Ahsante, dada. Basi nasubiri.”

Ilikuwa kweli tupu, na bado ilikuwa vibaya. Subira huvuta heri, wanasema. Mimi naona aliyesema hivyo alikuwa ameshaajiriwa.

Tarehe 30 ilipofika, ukaguzi ulikuwa umekwama, na makao makuu wakaifuta nafasi. Paskalina akawaandikia tena wote sita, safari hii mistari mitatu. Kisha akapiga Ludewa yeye mwenyewe, akiomba kama anaomba kwa ajili ya mwanawe. Wakamwambia wameshapata mtu, ameanza wiki iliyopita.

Kefa alikuja Jumatatu kuchukua nakala za vyeti vyake. Upepo ulikuwa mkali, alikuwa amevaa koti la suti ya usaili. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Paskalina.

“Usijali, dada,” alisema. “Sehemu nyingine hata ujumbe hawatumi. Wewe ulitujali.”

Angeweza kunyamaza. Mimi, nasema ukweli, ningenyamaza. Lakini Paskalina alisimama, machozi yakimlengalenga, akasema: “Kefa, nilikuwa nimeandika kwamba ukipata kazi nyingine uichukue. Nikaambiwa nitoe, nikatoa. Na uliponipigia, nilijua nafasi inaweza kufutwa. Nisamehe.”

Kefa alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili.

“Nilikuuliza, dada,” alisema taratibu. “Nilikupigia nikakuuliza.”

Huku kwetu hata mwenye ugomvi huaga akiondoka. Kefa aligeuka, akafungua mlango, akaenda zake bila kuaga.