Mzigo Mmoja, Boksi Mbili

Clotilda anauza chupa za chai kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na hapo mtaani hakuna anayemdanganya kuhusu chupa ya chai. Anaigonga kwa kucha, anaifungua mfuniko, anainusa, halafu anakutajia kiwanda ilikotoka. Mteja akija na makeke kwamba anataka ile ya boksi jekundu na siyo ya bluu kwa sababu ya bluu haitunzi joto, Clotilda hucheka mpaka mabega yanatikisika. "Baba yangu, mzigo mmoja huo! Boksi tu ndiyo tofauti." Kauli hiyo ameisema mara nyingi mpaka Nurdin, jirani yake wa vitenge, humwigiza akipita.

Sasa mume wake, Ansbert, akapasuliwa ngiri. Operesheni ikaenda salama, na Jumatatu akaruhusiwa kurudi nyumbani Buguruni. Kwenye dirisha la dawa palikuwa na foleni ya kutosha kujaza uwanja. Mhudumu akasukuma bahasha nne ndogo za kaki, akasema maneno yake kwa kasi, na kabla Clotilda hajauliza la pili, mtu wa nyuma alikwishaingiza mkono dirishani. Bahasha zenyewe zilikuwa tupu kwa nje, isipokuwa maandishi ya peni: *Metro 1x3. PCM 2x3. Omep 1x1. Los 1x1.* Moja mara tatu na mbili mara tatu alizielewa, nani asiyezielewa? Ila ipi ilikuwa ya nini, bahasha hazikusema.

Clotilda hakuhangaika. Alimwaga kidonge kimoja kimoja kwenye kisosi akavipanga kama anavyopanga sampuli dukani. Vile vikubwa vya Metro, kwa ukubwa ule, lazima ni vya kidonda. PCM alizijua, za maumivu, kila nyumba inazo. Omep ilikuwa ya rangi mbili, ya kuvutia, na mhudumu alikuwa ametaja tumbo, basi ikawa ya tumbo. Ikabaki Los, kidonge kidogo cheupe kisicho na majivuno yoyote. Hicho akakihukumu kuwa vitamini, cha kumrudishia mgonjwa hamu ya kula.

"Mbona hawajakupa ya presha?" akamuuliza mumewe.

"Watakuwa wamesahau," Ansbert akasema. "Wamehangaika na ngiri."

"Bahati yako una mke." Akafungua kabati, akatoa boksi lake la presha la siku zote, lile la bluu lenye jina kubwa, akaendelea kumpa kila asubuhi kama alivyokuwa akimpa kabla ya hospitali. Bahasha na boksi, vyote pamoja na chai. Alijisikia vizuri sana.

Jumamosi ilikuwa send-off ya Jovitha, binti yao wa kwanza, na Ansbert alikuwa na ombi moja tu duniani: amkabidhi mwanawe akiwa amesimama. Siyo kwenye kiti. "Nikimtoa Jovitha nimekaa kama mzigo, hadi kwetu Moshi watasimuliana." Mdogo wake, Heriel, alishaanza kujitolea kusimama badala yake, na inasemekana alikuwa anafanyia hotuba mazoezi bafuni. Hilo lilimuuma Ansbert kuliko mshono.

Jumatano akainuka kitandani, chumba kikamzunguka, akakaa chini puu. Alhamisi ikawa mbaya zaidi, akashika ukuta mpaka chooni. Clotilda akaenda dukani na moyo mzito, akamweleza Nurdin.

"Kizunguzungu? Presha imepanda hiyo, Mama Jovitha. Mawazo ya harusi. Muongezee dawa."

Hata yeye alikuwa amefikiri hivyohivyo. Akafunga duka mapema, jambo ambalo Kongo nzima ililiona, akarudi Buguruni, akalitoa boksi la bluu kabatini na kulitia mkobani. Mtu wa Kariakoo haendi kununua bila sampuli.

Kwenye duka la dawa la karibu na kwao alimkuta Siwema, mfamasia, msichana mwenye miwani na subira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe kama hii, lakini ya nguvu zaidi. Mzee presha imempanda."

"Mmempima?"

"Kichwa kinamzunguka! Kupima kwa nini?"

"Mama, kizunguzungu kinakuja ikipanda, na kinakuja ikishuka. Siwezi kukuongezea kwa kukisia. Anatumia nini kingine?"

"Za hospitali tu. Hizo hazihusiani na presha."

Siwema akamwachia mwenzake duka, akachukua mashine ya kupimia na kumfuata nyumbani. Ansbert alipimwa amelala, kisha amekaa. Presha ilikuwa chini, na alipokaa ikashuka zaidi. Siwema akaomba aone dawa zote za nyumba, mpya na za zamani, zipangwe mezani pamoja na karatasi ya kuruhusiwa.

"Hii Los ni ya nini, mama?"

"Vitamini."

Siwema hakucheka. Alisoma karatasi, akaligeuza boksi la bluu, akaweka kidole chini ya lile jina kubwa, kwenye herufi ndogo kama chawa. "Losartan. Na Los ni losartan, nguvu ileile. Jina kubwa ni la kampuni. Baba amekuwa akimeza dozi mara mbili."

Clotilda alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mzigo mmoja, boksi mbili. Yeye! Yeye anayewacheka watu wa boksi jekundu mtaa mzima! Machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Ningekuua kwa mkono wangu, Baba Jovitha."

"Ungeniua nikiwa nimeshiba," Ansbert akasema, na akamshika mkono.

Siwema alimpigia daktari aliyemruhusu. Daktari akasema dawa zote mbili za presha zisimame kwanza, apimwe asubuhi na jioni, presha ikirudi juu aanze moja tu. Akizimia, wasingoje simu, wakimbilie hospitali. Kisha Siwema akazitaja bahasha moja moja: Metro ni ya kuzuia kidonda kupata maambukizi, Omep ni ya kulinda tumbo, inywewe kabla ya kula. Clotilda akaleta ile peni nene anayoandikia maboksi ya mzigo, akaandika kila bahasha kazi yake kwa herufi kubwa. Ya Los akaiandika PRESHA, na boksi la bluu akaliandika PRESHA PIA, YA BAADAYE, akalifungia kabatini.

"Na hii ya kidonda," Siwema akasema akivaa viatu mlangoni, "haichanganywi na pombe. Hata akimaliza, asubiri siku kadhaa."

Ansbert akafumba macho. "Send-off ya mwanangu. Mbege imeagizwa Moshi."

"Soda zipo, baba."

Ijumaa jioni kipimo kilikuwa kizuri. Jumamosi asubuhi kilikuwa kimeanza kupanda, daktari akaruhusu kidonge kimoja cha presha, kutoka kwenye bahasha.

Ukumbini, mshereheshaji alipoita baba wa binti, Heriel akajikohoza na kurekebisha tai. Ansbert akainuka. Clotilda alikuwa nyuma yake, kiganja kimekaa hewani karibu na koti, tayari kudaka. Ansbert akasimama wima, akaushika mkono wa Jovitha, akainua glasi ya soda ya machungwa.

"Mwanangu, ukienda kwako, ukiona kitu hukijui, usikisie. Uliza. Mama yako atakueleza kwa nini."

Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Clotilda aliurudisha mkono wake kwenye mkoba, zilipokuwa bahasha nne, akalia mbele ya watu wote wala hakujali.