Salio la Kuanzia

Nilipoitwa kijiji cha Mamba, milimani Upareni, kutengeneza mfumo wa kompyuta wa ghala la tangawizi, chungu kilikuwa kimeshanunuliwa. Nilikiona juu ya kabati katika ofisi ya kikundi, kipya, hakijawahi kupikiwa, kimefunikwa gazeti. Mtu aliyezaliwa Vudee, milima hiyohiyo, kama mimi, haulizi chungu cha namna hiyo ni cha nini. Mali ikipotea na mwizi asijulikane, wazee hukivunja kwa maneno ya laana, na aliyekula mali ile hufa. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mzee wa kanisa na Jumapili aliyakemea mambo hayo kwa sauti ya kutosha. Lakini chungu kilikuwa ofisini kwake.

Kila mtu alijua kinamlenga nani. Mtunza ghala alikuwa mama mmoja mjane. Kabla yake kazi ile aliifanya mumewe, na tangawizi kavu ilipungua mikononi mwake pia. Chungu kikavunjwa. Bwana yule akateremka bondeni kutafuta kibarua kwenye mkonge, akaugua hukohuko, akafa. Kijiji kikachukua kifo kile kuwa ndiyo hukumu. Kisha mjane akapewa ufunguo wa ghala. Mwenyekiti aliniambia ni kwa sababu anayajua magunia, ila mimi naamini walitaka kumtazama kwa karibu.

Sasa mali ilikuwa inapungua tena. Chungu kingevunjwa kwenye mkutano wa kufunga msimu, isipokuwa mfumo wangu uwe umeshamtaja mtu.

"Wewe tutajie tu," mwenyekiti alisema. "Hayo mengine tuachie wenyewe."

Nilikasirika, lakini kazi nikaichukua. Mkate ni mkate.

Nilipofungua kompyuta yao ya zamani nilikuta jedwali moja: jina la bidhaa, na mbele yake namba moja ya salio. Kila Ijumaa walipopima magunia waliifuta namba iliyokuwapo wakaandika mpya. Ya jana imepungua kwa sababu gani, imepunguzwa na nani, hakuna ajuaye, maana ya jana haipo. Nimeona majedwali mengi mabovu, lakini lile lilinitia baridi. Lilikuwa linamuua mtu kila Ijumaa na kufukia kaburi.

Nikalijenga upya. Jedwali moja la magunia, kila gunia na namba yake. Jingine la miamala, na humo hakuna safu ya salio kabisa. Kila kinachotokea ni mstari: gunia gani, kilo ngapi, chanya zikiingia na hasi zikitoka, sababu, lini imetokea, lini imeandikwa, nani ameandika. Ukitaka salio, kompyuta inajumlisha mistari. La leo au la tarehe yoyote ya nyuma. Nikaifunga kanzidata ili watumiaji waweze kusoma na kuongeza tu, wasiweze kubadili wala kufuta. Aliyekosea anaandika mstari wa kuutengua ule wa kwanza, na yote miwili inabaki. Upimaji wa Ijumaa ukiwa tofauti na jumla, ile tofauti nayo inaandikwa kama muamala, kwa sababu yake: tofauti ya upimaji. Mwisho nikaweka kanuni kwamba mstari hauwezi kuwa na kilo sifuri, maana kisichosogea si muamala. Nilijisifu sana kwa kanuni ile.

Miamala ya zamani haikuwapo, hivyo tulipima ghala zima, nikaanza kila gunia kwa mstari wa salio la kuanzia.

Mlango wa ghala lile una kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza ghala na mwingine kwa mwenyekiti, na haufunguki mpaka wawili wakutane. Wiki ya kwanza hawakukutana hata mara moja. Ijumaa tukafungua, tukapima. Kilo zilikuwa zimepungua. Tukapima jiwe la mzani; lilikuwa sawasawa.

"Chuma ulete," mwenyekiti alinong'ona, akimaanisha uchawi wa kuvuta mali ya mtu bila kuigusa. Mama yule alitazama sakafu. Na mimi, msomi wa kompyuta, nilihisi shingo inasisimka.

Nikauliza jedwali swali ambalo lile la zamani lisingeweza kujibu: ni gunia lipi limepungua? Yote. Kila moja kidogo. Ijumaa iliyofuata tena, upepo mkavu ukipanda kutoka bondeni, kila gunia kidogo zaidi, kana kwamba kuna kitu kinapita usiku kikiyalamba moja baada ya jingine. Mistari hasi ilijipanga kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa nikiiona hata nikifumba macho.

Kisha ukungu ukashuka kutoka msituni. Ulikaa siku nyingi, ukaingia ghalani kupitia chini ya bati. Tulipofungua kufuli mbili, ndani kulikuwa kweupe, na magunia yalitoa sauti ndogo, kwi, kwi, kama watu wanaojigeuza kitandani. Tukapima. Nikaandika tofauti, na kidole changu kikasita. Ilikuwa chanya.

Mwenyekiti alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Wanarudisha," alisema. "Nani anarudisha?"

Mama akajibu taratibu, "Mimi nimesimama hapa na wewe, mzee."

Hofu yangu ilidumu mpaka nilipoegemea gunia, shati likalowa. Tangawizi iliyokaushwa, ndani ya gunia linalopitisha hewa! Kiangazi inatoa maji, ukungu ukija inayanywa. Hata hivyo sikutaka wanisadiki kwa maneno. Tulichukua gunia moja, tukalivika nailoni na kulifunga kabisa, tukalirudisha kati ya wenzake. Ukungu ulipoondoka na upepo mkavu kurudi, yote yalipungua tena. Lile la nailoni halikusogea. Kwenye jedwali halikuwa na mstari mpya.

Mkutanoni nilisoma gunia kwa gunia, Ijumaa kwa Ijumaa. Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na kesi ile ilisikilizwa vizuri. Hakuna mwizi anayechota kidogo kwenye kila gunia kwa mlango uliofungwa, kisha arudishe ukungu ukitanda. Mwenyekiti alikishusha chungu kabatini akakitoa nje bila kuniangalia. Nilifurahi nikataka kucheza.

Watu walipotawanyika, mama alivuta kiti karibu yangu.

"Mwanangu, sasa nionyeshe ya marehemu mzee wangu."

Nilipandisha kioo mpaka mwanzo. Salio la kuanzia. Aliyeandika: mimi.

"Na juu ya hapo?"

"Hakuna kitu, mama. Walikuwa wanafuta."

"Lakini na yeye ilikuwa ukungu."

"Inawezekana, mama. Sina cha kuthibitisha hilo."

Nje mwenyekiti alikuwa akicheka na mtu. "Basi mwandikie mstari wake," mama alisema. "Jina lake. Alichochukua: kilo sifuri. Si umesema kikiandikwa humo hakifutiki?"

Sikuwa na moyo wa kumweleza kanuni yangu ya sifuri. Niliandika jina la marehemu, nikaandika sifuri, nikabonyeza. Kioo kikatoa maneno mekundu. Nikabonyeza tena kama mjinga, na maneno yaleyale yakatoka, niliyoyatunga mwenyewe: muamala umekataliwa.

Mama aliyasoma polepole kwa kidole. Kisha akachukua ufunguo wake mezani, akaenda kufunga ghala.